Picha za mishono ya mafundi wanne: uchambuzi wa kisa cha magauni ya kwaya

Kwaya moja ya mjini Morogoro ilikuwa imekubaliana kushona magauni 32 ya sare. Kitambaa kilikuwa tetroni ya buluu iliyokoza, kiwiliwili cha gauni kiliunganishwa kwa vipande vya wima, sketi ilikuwa kloshi nusu, yaani iliyokatwa kwa nusu duara, inayoishia katikati ya muundi, na juu ya kila mshono wa wima ulipita mstari wa uzi mweupe wa urembo. Ni muundo unaopendeza sana ukishonwa vizuri, lakini hausamehe makosa, kwa sababu uzi mweupe juu ya buluu iliyokoza huonekana hata na mtu aliyekaa benchi la nyuma, na pindo la kloshi lililopanda upande mmoja na kushuka upande mwingine hujitokeza zaidi pale ambapo waimbaji 32 wamesimama safu kwa safu.

Mafundi wanne waliomba kazi hiyo, na kamati ikawataka kila mmoja atume picha za karibu za mishono yake. Picha zilipofika, mwenyekiti wa kamati, mama ambaye binti yake nilimfundisha ukataji, alinipelekea zote akiwa na swali moja: "Mwalimu, habari za kazi. Hebu tuangalizie, nani hapa ana mkono ulionyooka?" Nitawaita mafundi hao A, B, C na D, kwa kuwa kinachohusika hapa ni kazi zao na si majina yao.

Wajumbe wengi walikuwa wameshaegemea kwa fundi A. Picha yake ilionyesha mshono mweupe kwenye kitambaa cheusi, hatua zote zikiwa sawa, mstari ukiwa umenyooka kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Fundi B alituma picha ya shati la khaki iliyopigwa kwa karibu sana, ambamo mshono ulionekana umepinda kama upinde. Fundi C alituma gauni la kitenge chenye maua makubwa, na fundi D alituma suruali ya bluu iliyoshonwa kwa uzi wa rangi ileile, picha ikiwa imepigwa usiku kwa mwanga wa simu. Nilimjibu mwenyekiti kwamba kwa picha hizo sikuweza kusema lolote la haki, nikamweleza sababu, na sababu zenyewe ndizo zilizotuelekeza kwenye hatua iliyofuata.

Kitenge chenye maua makubwa huficha mshono uliopotoka kwa sababu jicho hufuata maua. Uzi wenye rangi ya kitambaa huficha hatua zilizorukwa na zile zisizolingana. Mwanga wa simu unaopiga moja kwa moja kutoka mbele hufuta vivuli, na bila vivuli huwezi kuona kama kitambaa kimevuta kandokando ya mshono. Zaidi ya hayo, kila fundi alikuwa amechagua sehemu anayojivunia, na hakuna aliyeonyesha upande wa ndani. Tulikuwa tukilinganisha vitambaa, nyuzi, simu na taa, na kazi ya mkono ilikuwa imefichwa chini ya hayo yote.

Kwa hiyo niliishauri kamati itoe kipande kimoja cha majaribio kwa mafundi wote. Nilivikata vipande mwenyewe kutoka kwenye jora lilelile la tetroni, ili tofauti yoyote ambayo ingeonekana baadaye iwe imetokana na ushonaji, isitokane na mkasi wa mtu. Kila fundi alipewa vipande viwili vyenye umbo la pembetatu yenye upande mmoja wa mviringo, ambavyo vikiunganishwa hufanya robo ya duara. Aliagizwa aviunganishe kwa mshono ulionyooka wenye akiba ya milimita 15 ndani, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, apitishe mstari wa urembo milimita 6 kutoka kwenye kiungo, aovaloki kingo za akiba na ukingo wa chini, kisha akunje pindo la sentimita 2 kwenye upande wa mviringo. Hatua ya mshono, yaani umbali kutoka tundu moja la sindano hadi linalofuata, iwe milimita 2.5. Uzi wa juu uwe mweupe, na uzi wa chini, wa bobini, uwe mwekundu.

Huo uzi mwekundu uliwashangaza wajumbe kidogo, nikawaambia wasubiri waone kazi yake. Katika gauni lenyewe nyuzi zote mbili zingekuwa nyeupe, ila katika jaribio rangi mbili hueleza jambo ambalo picha ya rangi moja haiwezi kulieleza.

Kuhusu picha tuliweka masharti machache lakini tuliyashikilia. Kipande kilazwe mezani karibu na dirisha, mchana, mwanga ukitokea ubavuni. Rula ilazwe kando ya mshono, juu ya kitambaa chenyewe. Simu ishikwe ikiwa sambamba na meza, umbali wa takriban sentimita 40, na mpigaji avute picha iwe kubwa mara mbili badala ya kuisogeza simu karibu. Zipigwe picha za mbele, za nyuma, na za mahali pindo linapovuka mshono. Zitumwe kama faili na si kama picha za kawaida za WhatsApp, kwa kuwa WhatsApp hubana picha na nyuzi nyembamba hupoteza kingo zake, hata hatua mbili zikaonekana kama moja.

Picha mpya zilipofika, jambo la kwanza lililojitokeza lilimhusu fundi B, na lilimhusu kwa wema. Picha yake ya kwanza ya kipande cha majaribio aliipiga kwa kuikaribisha simu mno, kama alivyofanya kwenye shati la khaki, na mshono ukaonekana tena umepinda. Lakini safari hii rula ilikuwa kando yake, nayo rula ilikuwa imepinda vilevile. Lenzi pana ya simu ikikaribishwa sana huvimbisha katikati ya picha na kuipinda mistari iliyo pembeni. Rula ya chuma haipindi mezani, hivyo picha ndiyo iliyopinda. Alipoambiwa arudie kwa umbali tuliokubaliana, rula ilinyooka na mshono ukanyooka nayo. Bila rula, fundi huyo angekuwa ameondolewa kwa kosa la simu yake.

Hapo ndipo niliwaonyesha wajumbe namna ya kupima kwenye skrini. Ukifungua picha kana kwamba unataka kuikata kingo, simu nyingi huweka mistari ya miraba juu yake. Izungushe picha mpaka mstari mmoja ulale juu ya matundu ya mwanzo ya mshono, kisha fuata mstari huo hadi mwisho. Mshono ulionyooka hukaa na mstari huo njia nzima, na uliopotoka huuacha, ukionyesha pia mahali ulipouacha. Baada ya hapo tulipima umbali wa mstari mweupe kutoka kwenye kiungo katika sehemu tano, tukihesabu milimita kwenye rula iliyomo pichani.

Fundi A alikuwa na milimita 6 kila mahali. Fundi D vilevile. Fundi B alikuwa na 6 katika sehemu nne na karibu 6 na nusu katika moja. Fundi C alikuwa na 6, 7, 5, 7 na 6, na tofauti hizo hazikutokea ovyo: mstari ulitoka na kurudi takriban kila baada ya sentimita 8. Kupotoka kwa mpangilio wa namna hiyo mara nyingi hutokana na mikono. Fundi hushona mpaka mikono inapofika karibu na sindano, kisha huisogeza nyuma ili kushika upya huku mashine ikiendelea kwenda, na katika sekunde hiyo kitambaa huponyoka kidogo. Anayesimamisha mashine sindano ikiwa ndani ya kitambaa ndipo ashike upya hana tatizo hili. Kwa hiyo ukiona mawimbi yanayojirudia kwa umbali unaolingana, usiilaumu cherehani.

Hatua za mshono tulizihesabu ndani ya sentimita 5 za rula. Hatua ya milimita 2.5 inapaswa kutoa hatua 20, na A na D walikuwa na 20, C alikuwa na 20 au 21, na B alikuwa na 18, yaani karibu milimita 2.8. B alikuwa akitumia cherehani ya miguu ya zamani ambayo alama za kipimo kwenye kirekebishi chake zilikuwa zimefutika. Huo ni upungufu kweli, kwa sababu agizo halikufuatwa, lakini hatua zake zote 18 zilikuwa sawa kwa urefu. Urefu uliozidi kidogo hurekebishwa kwa kusogeza kirekebishi. Urefu unaobadilikabadilika ndani ya mshono mmoja ndio unaosumbua, kwa kuwa huashiria kitambaa kinachovutwa kwa mkono au meno ya mashine yaliyochakaa.

Mpaka hapo fundi A bado aliongoza, na mjumbe mmoja aliuliza kwa nini tuendelee. Nilimwomba afungue picha ya upande wa ndani.

Akiba ya mshono ndani ya kazi ya A ilianza na milimita 15 juu, ikabaki 15, ikawa 14, kisha 13, na mwisho wa mshono ikawa 12. Mshono ulikuwa umeuacha ukingo polepole, bila kona yoyote ambayo jicho lingeigundua. Mstari mweupe wa mbele haukuweza kufichua jambo hilo hata kidogo, kwa sababu fundi anapopitisha mstari wa urembo huuelekeza mguu wa cherehani kwenye kiungo. Kiungo kikiwa kimeenda upande, mstari nao hukifuata, na milimita 6 hubaki milimita 6. Uzuri wa mbele ulikuwa unathibitisha tu kwamba mstari wa pili umeufuata wa kwanza kwa uaminifu.

Je, milimita 3 ni neno? Katika mshono mmoja pengine si neno. Lakini kiwiliwili cha gauni hili kina mishono sita ya wima inayofika kiunoni, na kila mshono una tabaka mbili za kitambaa. Milimita 3 mara mbili mara sita ni milimita 36. Ikiwa fundi huacha ukingo kila anapokaribia mwisho, na mwisho wa mishono yake ni kiunoni, gauni lililokatwa kwa kiuno cha sentimita 76 litatoka na takriban sentimita 79 na nusu. Mwimbaji atajaribu gauni, litampwaya, na lawama itakwenda kwa aliyempima.

Kwa B na D akiba ilikuwa milimita 15 kutoka juu hadi chini, na kwa C ilicheza kati ya 14 na 16. Katika picha za ndani niliangalia pia jambo dogo ambalo wateja wetu hulijua thamani yake gauni likishabana: kama ovaloki imekata akiba. Wapo mafundi ambao huipitisha ovaloki kwa haraka na kisu chake kikala nusu ya akiba, nguo ikabaki bila nafasi ya kupanuliwa. Hakuna aliyelifanya hilo hapa.

Sasa ule uzi mwekundu ukafanya kazi yake. Katika mshono wa cherehani nyuzi mbili hupaswa kukutana katikati ya unene wa kitambaa, kiasi kwamba mbele unaona nyeupe tupu na nyuma nyekundu tupu. Nyuma ya kazi ya C, uzi mwekundu ulikuwa umelala umenyooka kama kamba iliyotandazwa, na juu yake vilitokeza vitanzi vidogo vyeupe, ishara kwamba uzi wa juu ulikuwa umelegea. Mbele ya kazi ya A kulikuwa na kinyume chake: kwenye kila tundu palionekana kitone chekundu, kidogo mno, ambacho ungeweza kukidhania ni vumbi. Uzi wake wa juu ulikuwa umekazwa kupita kiasi, ukaupandisha wa bobini juu. Kama nyuzi zote zingekuwa nyeupe, mshono wa A ungeonekana safi kabisa, kwa sababu mkazo mkubwa huulaza uzi ukaonekana umenyooka na kung'aa.

Hapa ilinibidi kuitahadharisha kamati isihukumu kwa wepesi. Mkazo wa uzi hurekebishwa kwa kuzungusha kifundo cha cherehani, na fundi mzuri aliyekopa mashine kwa jirani anaweza kutoa vitanzi hivyo siku moja na asivitoe siku inayofuata. Vitanzi vya C vilikuwa kosa la kurekebisha mashine. Mawimbi yake yalikuwa kosa la mkono. Ukiyachanganya makosa haya mawili unaweza kumkosesha kazi mtu anayehitaji dakika tano tu za marekebisho, au ukampa kazi mtu anayehitaji miezi ya mazoezi.

Tukafika kwenye pindo, ambalo ndilo lililoamua kisa hiki.

Watu wengi wakiambiwa wakague usawa wa pindo hupima upana wake: sentimita 2 hapa, sentimita 2 pale, basi limekaa sawa. Kwenye pindo la kitambaa kilichonyooka kipimo hicho kinatosha. Kwenye kloshi hakitoshi, na sababu yake ni hesabu ya duara. Ukingo wa nje wa sketi ni mrefu kuliko sehemu ya ndani ambayo unakunjiwa. Katika robo ya duara, pindo la sentimita 2 huleta ziada ya takriban sentimita 6.3, yaani ukingo uliokunjwa una sentimita 6.3 zaidi ya nafasi inayoupokea. Ziada hiyo haitegemei ukubwa wa duara. Katika sketi nzima ya kloshi nusu inakuwa takriban sentimita 12.6, lakini hapo husambaa kwenye pindo refu zaidi na kuwa rahisi kufichwa. Kipande chetu kilikuwa kidogo, pindo lake likiwa na urefu wa takriban sentimita 70, kwa hiyo lilikuwa gumu kuliko la gauni lenyewe. Tulikusudia hivyo, maana kila fundi lazima aipeleke ziada ile mahali fulani, na picha huonyesha alikoipeleka.

Fundi A hakuipeleka popote. Aliukunja ukingo na kuushona kwa kasi, na pindo likajisokota. Upana wake ulikuwa milimita 20 kila tulipopima, hata mjumbe aliyekuwa akipima akasema hili ni kamilifu. Lakini kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa dirishani ilionekana mikunjo midogo ya mshazari, yote ikiwa imeinama upande mmoja. Chanzo chake ni mwendo wa tabaka mbili: meno ya cherehani huusukuma mbele upande wa chini huku mguu ukiuzuia upande wa juu, na ikiwa kuna ziada ambayo haijatulizwa, husukumwa hatua kwa hatua mpaka pindo zima linajipinda. Pasi hulilaza kwa muda, halafu linarudi.

Fundi C aliimaliza ziada kwa vikunjo vitatu vilivyoshonewa ndani, na upana wa pindo ukawa kati ya milimita 17 na 22. Mbele mahali hapo paliota pembe ndogo, mviringo ukawa kama umevunjika.

Fundi D alifanya jambo lililonifanya nitafakari. Aliigawanya akiba ya sentimita 2 na kukunja mara mbili, akapata pindo la sentimita 1. Kwa kupunguza upana kwa nusu, ziada kwenye mstari wa kushona nayo ikapungua kwa nusu, ikawa takriban sentimita 3.1, na tetroni huweza kuimeza hiyo kwa pasi. Pindo lake lilikuwa laini, sawa, bila msokoto. Wajumbe wawili walitaka apewe alama za juu kabisa. Kama mwalimu nakiri kwamba kwa kloshi pindo jembamba ni chaguo la busara, na laiti mteja asingetaja upana ningelichagua mwenyewe. Lakini mteja alikuwa ametaja sentimita 2, kwa sababu pindo lenye uzito kidogo huifanya sketi ianguke vizuri mwimbaji anapotembea, na D hakuuliza kabla ya kubadili. Zaidi ya hapo, pindo la sentimita 1 haliwezi kulinganishwa na mapindo ya sentimita 2, kwa kuwa yeye alifanya mtihani mwepesi zaidi. Niliandika kwamba ustadi wake wa pindo pana bado haujulikani.

Kazi ya fundi B ndiyo niliyoitazama kwa muda mrefu kuliko zote. Mbele palikuwa laini, upana ulikuwa milimita 20, na 19 katika sehemu moja. Nyuma, karibu na ukingo uliofungwa kwa ovaloki, kulikuwa na safu ya matundu madogo yasiyo na uzi. Wajumbe waliyaona kuwa uchafu wa kazi. Kumbe yalikuwa alama za uzi mlegevu wenye hatua ndefu ambao alikuwa ameupitisha kwanza, akauvuta taratibu ili ziada igawanyike sawasawa, akaikandamiza kwa pasi juu ya kitambaa chenye unyevu mpaka ikanywea, akashona, halafu akauchomoa uzi ule. Matundu hayo mara nyingi hufifia baada ya kufua. Kwangu yalikuwa ushahidi kwamba fundi aliujua ugumu wa mahali pale kabla hajaufikia.

Picha ya mahali pindo linapovuka mshono iliongeza ushahidi huo. Hapo kitambaa kimelundikana tabaka nyingi, mguu wa cherehani hupanda kilima, huinamia nyuma, na meno hukosa kukishika kitambaa vizuri, hivyo hatua hufupika. Kwa A kulikuwa na hatua tano au sita zilizosongamana, nyingine zisizozidi milimita 1. Kwa C kulikuwa na hatua moja iliyorukwa. Kwa B na D hatua zilivuka kilima zikiwa na urefu uleule. Hilo halitokei kwa bahati. Ama fundi ameweka kipande cha kadibodi nyuma ya mguu ili ukae sawa, ama ameyapunguza matabaka kwa mkasi kabla ya kukunja, ama amevuka kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Nikiruhusiwa kuomba picha moja tu kutoka kwa fundi nisiyemjua, huomba ya mahali hapo.

Baada ya hapo tuliviloweka vipande vyote vinne, vikakaushwa kivulini, na vikapigwa picha tena bila kupigwa pasi. Uzi wa poliesta ulioshonwa ukiwa umevutwa sana hujirudi ukipata maji na kupumzika, nao huburuta kitambaa. Mshono wa A, ambao siku ya kwanza ulikuwa mzuri kuliko yote, ulivuta njia nzima, na msokoto wa pindo ukarudi wazi. Vya B na D vilibaki vimelala.

Lakini lipo jambo ambalo picha ya karibu haiwezi kulionyesha kamwe, nalo ni namna pindo linavyokaa kutoka sakafuni. Sketi ya kloshi nusu ina sehemu zilizokatwa kwa mshazari wa uzi wa kitambaa, na katika muundo huu, wenye mshono mmoja nyuma, sehemu hizo huangukia mbavuni. Kitambaa cha mshazari hurefuka kikining'inia. Pindo linaweza kuwa na upana kamili, hatua kamili na mviringo laini, kisha likashuka pande mbili siku ya pili. Kwa hiyo B na D waliombwa washone gauni moja kamili kila mmoja, kwa malipo.

Magauni yalivalishwa sanamu ya kushonea na kuachwa usiku kucha, kisha tukapima kwa rula ndefu kutoka sakafuni katika sehemu nane. Gauni la B lilikuwa na tofauti ya milimita 5 kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa. La D lilikuwa na milimita 21, na sehemu mbili za chini zilikuwa hasa pale mbavuni. B alieleza kwamba aliining'iniza sketi usiku mmoja kabla ya kuweka alama ya pindo kwa chaki. D alikuwa amekunja siku ileile aliyoiunganisha. Nilizungumza naye bila kumficha kitu, akarekebisha, na gauni lake la pili lilikuwa na milimita 6, likiwa na pindo la sentimita 2 lililolala vizuri.

Kazi haikupewa mtu mmoja. B na cherehani yake ya miguu asingeweza kumaliza magauni 32 kwa tarehe iliyohitajika, na kuwapa wawili magauni nusu kwa nusu kungeonekana kwenye safu, mkono mmoja ukitofautiana na mwingine. Nilishauri D aunge vipande na kupitisha mistari myeupe ya magauni yote, kwa kuwa mishono yake mirefu ilikuwa bora na mashine yake ina kasi, na B ashone mapindo yote 32. Mafundi wenyewe waliafiki. Katika karatasi ya makubaliano kamati iliandika hatua ya milimita 2.5, akiba ya milimita 15, mstari wa urembo milimita 6, pindo la sentimita 2, sketi ining'inizwe usiku mmoja kabla ya kuwekwa alama, na tofauti kutoka sakafuni isizidi sentimita 1. Kipande cha majaribio cha D kilibanwa kwenye karatasi hiyo kwa ajili ya kulinganishia mishono, na cha B kwa ajili ya kulinganishia mapindo.